Bushi 12 kutoka shafti moja: chuma kinapotelea wapi?

Mteja ana lori la tipa. Bawaba za mlango wa nyuma zimelika, na anataka bushi mpya 12 za chuma. Kila bushi iwe na urefu wa milimita 45, kipenyo cha nje milimita 38 na tundu la milimita 25. Fundi mkerezaji anapiga hesabu kichwani: 12 mara 45 ni 540. Anamwagiza mteja alete shafti ya milimita 40 yenye urefu wa sentimita 60, kwa kuwa hizo sentimita 6 za ziada zinaonekana nyingi.

Kazi inaanza vizuri. Bushi ya 11 inapodondoka, kilichobaki kwenye chaki ni kipande cha milimita 59 na nusu. Imebaki bushi moja tu, yenye urefu wa 45. Kwa macho, chuma kipo. Lakini ukikitoa nje kiasi cha kutosha bushi hiyo pamoja na njia ya kisu, taya za chaki zinabaki zimeshika milimita 10 na nusu tu, na kisu cha kukatia kinapita sambamba na taya zinazozunguka. Hakuna fundi mwenye akili timamu atakayewasha mashine katika hali hiyo.

Fundi huyu hakukosea kukereza. Alihesabu chuma kitakachotoka kwenye karakana kikiwa bushi, akasahau kuhesabu kile kitakachofagiliwa. Hesabu hiyo ya pili si ngumu, na inafanyika kabla mteja hajatoa pesa yake dukani.

Chuma kinaliwa mara ngapi?

Tufuate bushi moja tangu mwanzo. Shafti inaingizwa kwenye chaki, ikipita ndani ya tundu la spindeli, na mbele inaachwa itokeze takribani milimita 60. Ncha yake ilikatwa dukani kwa msumeno au kwa grenda, kwa hiyo imepinda na ina kingo kali. Fundi anaipitisha kisu cha pembeni mpaka uso wote ung'ae na kuwa bapa. Hapo chuma kimeliwa kwa mara ya kwanza. Kwa ncha iliyokatwa kwa msumeno, milimita 2 zinatosha. Iliyokatwa kwa gesi inahitaji zaidi, hata milimita 5 au 6, kwa sababu moto unaacha mawimbi na ngozi ngumu inayochosha ncha ya kisu.

Kisha anakereza kipenyo cha nje mpaka 38, anatoboa tundu na kulipanua mpaka 25, halafu analeta kisu cha kukatia. Kisu hiki ni chembamba, lakini si uzi. Kama upana wake ni milimita 3, basi milimita 3 za shafti zinageuka chenga. Huko ndiko kuliwa kwa pili, na kunajirudia kwa kila bushi.

Bushi iliyodondoka ina uso wa mbele safi, ila uso wake wa nyuma ndio ulioachwa na kisu cha kukatia, wenye mikwaruzo na ukingo mkali kuzunguka tundu. Ni lazima baadaye igeuzwe kwenye chaki na uso huo usawazishwe. Kwa hiyo inakatwa ikiwa ndefu kidogo kuliko kipimo cha mwisho, tuseme kwa nusu milimita. Upande wa pili wa mfereji ule ule, uso wa shafti iliyobaki nao una mikwaruzo, na ndio utakaokuwa uso wa mbele wa bushi inayofuata. Nao unaondolewa nusu milimita.

Mwisho kabisa kinabaki kisiki kilichoshikwa na chaki, kipande ambacho mashine hukihitaji ili ishike kazi lakini hakiwezi kuwa bushi. Kwa shafti ya milimita 40, mimi huacha milimita 25 ndani ya taya na milimita 10 za nafasi kati ya taya na kisu. Jumla ni 35. Hicho ndicho kipande kikubwa kuliko vyote vinavyopotea, na ndicho husahauliwa zaidi, kwa sababu wakati wa kukata bushi ya kwanza hakionekani kabisa.

Ukingo upi wa kisu umegusa?

Kabla ya kufika kwenye jumla, kuna jambo moja kuhusu upana wa kisu linaloharibu bushi nyingi kuliko hesabu yote ya urefu.

Ukisimama mbele ya mashine, chaki iko kushoto kwako na ncha ya shafti iko kulia. Ili kupata mahali pa kuanzia, fundi hukisogeza kisu cha kukatia kutoka kulia mpaka kiguse uso wa shafti, kisha anarudisha kipimo cha mkono wa mashine kwenye sifuri. Tazama ni ukingo upi uliogusa: ni ule wa kushoto. Lakini bushi itabaki upande wa kulia wa kisu, hivyo urefu wake unaamuliwa na ukingo wa kulia. Kati ya kingo hizo mbili kuna milimita 3.

Kwa hiyo, ili bushi ikatike ikiwa na milimita 45.5, kisu hakisogezwi 45.5. Kinasogezwa 45.5 kuongeza 3, yaani 48.5. Anayesahau anapata bushi ya milimita 42.5, na hakuna akiba ya uso inayoweza kurudisha chuma kilichokwisha kukatwa. Kosa hili lina alama yake. Bushi ikitoka fupi, na upungufu ukawa sawasawa na upana wa kisu, usihangaike kukagua skrubu za mashine. Ukingo uliogusa ndio chanzo.

Njia nyingine ni kuweka rula ya chuma bapa kwenye uso wa shafti, kisha kuleta ukingo wa kulia wa kisu mpaka uguse rula hiyo. Hapo sifuri inakuwa ya ukingo unaohusika, na kisu kinasogezwa 45.5 tu. Njia zote mbili ni sahihi. Hatari inakuja pale fundi anapoanza kwa njia moja na kuhesabu kwa nyingine, hasa akiwa amepokezana zamu na mwenzake.

Upana wenyewe upimwe kwenye ncha inayokata, si kwenye mwili wa kisu. Kisu cha kukatia hunolewa kikiwa kipana mbele na chembamba nyuma ili kisibanwe ndani ya mfereji, kwa hiyo ukipima katikati utapata namba ndogo kuliko ukweli. Njia ya uhakika zaidi ni kuchimba mfereji kwenye kipande cha chakavu na kuupima kwa taya ndogo za vernia, zile za kupimia ndani. Kisu cha milimita 3 kinachotetemeka huweza kuchimba 3.2. Kwa bushi 12 tofauti hiyo ni milimita 2.4 tu. Kwa bushi 100 ni milimita 20, karibu nusu ya bushi nzima.

Akiba ya uso: nusu milimita inatoka wapi?

Nusu milimita si namba ya kukariri. Inategemea jinsi uso ulivyokatwa, na kila namna ya kukata hukosea kwa umbo lake.

Msumeno wa mkono ukikosea huenda upande. Unaanza kukata juu, unatoka chini ukiwa umeinama, na kipande kinakuwa kirefu upande mmoja na kifupi upande wa pili. Kwenye chuma cha milimita 40 mwinamo wa milimita 1 ni jambo la kawaida, kwa hiyo uso uliokatwa kwa msumeno huachiwa akiba ya milimita 1 na nusu hivi.

Kisu cha mashine hakiwezi kukosea hivyo, kwa sababu shafti inazunguka na kila sehemu ya duara inapita mbele ya kisu kile kile. Chenyewe kikipotoka, kinapotoka kuelekea chaki au kuelekea ncha, na uso unakuwa kama sahani: umebonyea katikati upande mmoja wa mfereji, umevimba katikati upande wa pili. Uzungushe kipande mkononi na upime pembeni pake popote, urefu utakuwa ule ule. Lakini weka rula kwenye uso wake, uinue kuelekea dirishani, na utaona mwanga ukipenya katikati.

Sababu za kupotoka zinajulikana. Kisu kilichofungwa kikiwa hakijanyooka kwa pembe mraba na shafti huanza kukimbilia upande mmoja tangu mwanzo. Kisu kilichochomoza mno kutoka kwenye kishikio chake hupinda. Kisu ambacho ncha yake imenolewa kwa mshazari, ili kinundu cha katikati kibaki kwenye shafti na kisibaki kwenye kipande, husukumwa pembeni na mshazari huo wenyewe, na kadiri kinavyoingia ndani ndivyo kinavyozidi kukimbia.

Bushi zetu zina nafuu kubwa hapa. Kwa kuwa tundu limetobolewa kabla ya kukata, kisu hakiendi mpaka katikati. Kutoka kipenyo cha nje cha 38 mpaka tundu la 25, ukuta ni milimita 6 na nusu tu. Kisu kinaweza kuchomoza milimita 10 hivi badala ya 20 na zaidi, kinabaki kigumu, hakipati nafasi ya kupotoka, na kinundu cha katikati hakipo. Ndiyo maana nusu milimita inatosha. Kama kazi ingekuwa pini zisizo na tundu, ningeacha milimita 1, nikate ya kwanza, nipime ubonyeo wake kwa rula na geji ya majani, ndipo niamue kama akiba ipunguzwe.

Wapo wanaojaribu kuokoa chuma kwa kuacha akiba ya sehemu ya kumi ya milimita. Tatizo ni kwamba uso wenye ubonyeo wa 0.2 hauwezi kusafishwa kwa kuondoa 0.1. Kingo zitang'aa na katikati kutabaki na alama za kisu cha kukatia. Zaidi ya hapo, kisu kikiwekwa kichukue chuma chembamba mno husugua tu badala ya kukata, kinapata joto na kupoteza makali. Akiba inapaswa kuzidi kosa lote la uso, na ibaki ya kutosha kisu kipate kitu cha kuuma.

Kuna udanganyifu mwingine wa kujihadhari nao wakati wa kupima. Ule ukingo mkali unaobaki kuzunguka tundu unaweza kusimama sehemu kadhaa za kumi za milimita juu ya uso. Ukiupima pamoja na bushi, vernia itakuambia kuna chuma cha kutosha, kumbe ni ukingo tu. Uondoe kwa tupa kwanza, ndipo upime.

Jumla yake

Sasa tuziweke namba mahali pamoja. Kila bushi inakula 45 za urefu wake, 0.5 za uso wa nyuma, 3 za kisu, na 0.5 za uso wa mbele wa inayofuata. Jumla ni milimita 49. Tuiite hatua, kwa sababu ndicho kiasi ambacho shafti inasogea kila baada ya bushi moja.

Hatua 12 ni milimita 588. Bushi ya mwisho haina inayoifuata, kwa hiyo tunatoa 0.5 na kubaki na 587.5. Tunaongeza 2 za kusafisha ncha ya dukani, inakuwa 589.5. Tunaongeza kisiki cha 35. Jibu ni milimita 624.5. Shafti ya sentimita 60 ilipungua kwa milimita 24 na nusu tangu ilipokuwa dukani, na shafti ya sentimita 63 ingetosha bila wasiwasi.

Swali likigeuzwa, yaani kuna shafti tayari na mtu anataka kujua itatoa bushi ngapi, mpango ni huu:

Idadi = (urefu wa shafti − kisiki − akiba ya ncha + akiba ya uso wa mbele) ÷ hatua

Kwa shafti ya 600: toa 35, toa 2, ongeza 0.5, unapata 563.5. Gawa kwa 49, unapata 11.5. Nusu bushi haiuziki, kwa hiyo jibu ni 11. Desimali zote zinatupwa, hata ingekuwa 11.9.

Hesabu hii inasaidia pia kuona mahali pa kubana matumizi. Kisu cha milimita 2 badala ya 3 kinaokoa milimita 12 kwa kazi yote, lakini bado haitoshi kufikisha bushi ya 12, na kisu chembamba huvunjika upesi. Kuacha kusawazisha uso wa mbele kunaokoa 5.5 tu. Hata vyote viwili kwa pamoja vinaokoa 17.5, na pengo lilikuwa 24.5. Kilichobaki kuguswa ni kisiki.

Kisiki kinavyoweza kuwa bushi

Tukirudi kwa yule fundi mwenye kipande cha milimita 59 na nusu, bushi yake ya 12 imo ndani. Ila haiwezi kupatikana kwa kukata. Asawazishe uso, apitishe tundu la milimita 25 kutoka mwanzo hadi mwisho akiwa amekishika kipande hicho kifupi barabara, kisha akivishe kwenye mandreli, yaani mhimili uliokerezwa ukaingia kwenye tundu kwa kubana. Juu ya mandreli, kipenyo cha nje kinakerezwa chote kwa mkupuo mmoja mpaka 38, na urefu wa ziada unaondolewa usoni kidogo kidogo. Kwa kuwa kila kitu kinazunguka juu ya tundu lile lile, nje na ndani vinabaki kwenye mhimili mmoja. Angejaribu kukereza nusu, kugeuza kipande kwenye chaki ya taya tatu na kumalizia nusu ya pili, ngazi ndogo ingebaki mahali mikato miwili inapokutana.

Njia hii inaokoa chuma na kula muda. Milimita 14 hivi zinageuzwa chenga kwa kisu cha pembeni, na mandreli yenyewe inabidi itengenezwe kama haipo. Kwa bushi moja inakubalika. Vivyo hivyo kwa anayetaka kukata vipande vyote 12 kwa msumeno: njia ya msumeno wa mkono ni milimita 1 tu, lakini akiba ya 1.5 kila upande inarudisha hatua kwenye 49 zile zile. Kisiki hakibaki, na sentimita 60 zinatosha, ila bushi zote 12 zinahitaji mandreli.

Njia ya kupunguza uzito wa kisiki bila kuongeza kazi ni kukigawa kwa bushi nyingi zaidi. Shafti mbili za sentimita 60 zinatoa bushi 22. Shafti moja ya sentimita 120 inatoa 23, kwa sababu kisiki kimoja na ncha moja vimeepukwa. Lakini hapa kuna mpaka usiovukwa. Shafti ndefu inatokeza nyuma ya mashine, na sehemu inayotokeza bila kushikiliwa inaweza kuanza kuyumba inapozunguka. Ikishaanza kuyumba hupinda, na ikipinda hugeuka rungu linalopiga kila kilicho karibu. Ncha ya nyuma isitokeze nje ya spindeli bila bomba au stendi ya kuishikilia. Kama stendi haipo, kata shafti fupi na ukubali kisiki cha pili.

Biti ya kutobolea nayo ina neno na kisiki. Ncha ya biti ya milimita 25 ni mchongoko wa karibu milimita 7 na nusu, na tundu halina upana kamili mpaka mchongoko huo upite mstari wa kukatia. Katika bushi za mwanzo hilo halidhuru, kwa kuwa mchongoko unaingia kwenye bushi inayofuata. Katika ya mwisho unaingia kwenye kisiki, na kisiki cha 35 kinaumeza. Anayekipunguza mpaka 10 ili kuokoa chuma atakuta biti inakaribia kutokea nyuma kati ya taya.

Kilichobaki ni bei. Shafti ya milimita 40 ina uzito wa karibu gramu 10 kwa kila milimita ya urefu, kwa hiyo sentimita 3 ambazo hazikununuliwa ni kama gramu 300 za chuma. Gawa milimita 624.5 kwa bushi 12 na utaona kwamba kila bushi ya milimita 45 inahitaji milimita 52 za shafti. Fundi anayetoza chuma cha 45 analipa hizo 7 nyingine kutoka mfukoni mwake, bushi baada ya bushi. Kwenye karatasi ya makadirio iandikwe 52, na mteja akiuliza 7 zimekwenda wapi, aonyeshwe: nusu na nusu za nyuso mbili, 3 za kisu, na zinazobaki ni sehemu yake ya ncha na kisiki.